Soko la Bi Mizani

Kwa hiyo mama yake Chaki hakufa! Ndivyo alivyosema karani wa masjala wiki iliyopita, na najua wengi wenu mlinilaani nilipowafungia ukurasa hapo hapo. Haya, punguzeni hasira, turudi dirishani.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana. Chaki, yule fundi cherehani ambaye kipande cha chaki hakimtoki nyuma ya sikio hata akienda msibani, alikuwa ameshikilia ukingo wa dirisha la masjala ya halmashauri ya mji.

"Umesema nini, baba?"

"Sijasema mimi, imesema karatasi yako," karani akajibu. "Kwenye fomu umeandika mama alifariki miaka mitano na miezi miwili iliyopita. Cheti cha kifo ulichoambatisha kinasema ni miaka minne na miezi kumi na moja. Siku unayosema mlimzika, kwa cheti hiki mama alikuwa mzima, anakunywa uji."

"Nilimshika mkono mpaka ukapoa!"

"Mimi nakuamini, binti yangu. Lakini kamati haitaniuliza kama nakuamini."

Akamgeuzia barua iliyobandikwa kiooni, akagonga kipengele cha tano kwa kalamu. Chaki hakuhitaji kuisoma. Alikuwa ameikariri tangu ilipobandikwa kwenye kila nguzo ya umeme mjini. Lakini kwa ajili yako wewe uliyeanza kutusoma leo, barua yenyewe hii hapa:

"KWA WAKAZI WOTE. KUHUSU: MAPENDEKEZO YA JINA LA SOKO JIPYA LA UMMA. Halmashauri ya Mji inawaalika wakazi kupendekeza jina la soko linalotarajiwa kufunguliwa mwezi ujao. Masharti ni haya. (1) Kila mkazi mwenye umri wa miaka kumi na minane na zaidi atatoa pendekezo moja tu, kwa fomu itolewayo bure katika ofisi za kata. (2) Jina lisizidi maneno manne. (3) Halitakubaliwa jina la mtu aliye hai, la kampuni, la chama cha siasa, wala jina ambalo tayari ni la barabara au shule ya mji huu. (4) Sababu zielezwe kwa maneno yasiyozidi mia moja na hamsini, na pendekezo liungwe mkono kwa saini za wakazi wasiopungua ishirini na watano, pamoja na namba zao za vitambulisho. (5) Jina la mtu litakubaliwa iwapo mtu huyo amefariki si chini ya miaka mitano kamili kabla ya siku ya mwisho ya kupokea mapendekezo. Kiambatishwe cheti cha kifo au uthibitisho mwingine wa maandishi wa tarehe ya kifo au maziko, na ridhaa ya mke, mume au mtoto wake. (6) Maelezo yote yatahakikiwa katika kumbukumbu za Halmashauri. (7) Bahasha ifungwe, isiandikwe jina la mtumaji kwa nje, itumbukizwe katika sanduku lililopo masjala kabla ya saa nne kamili asubuhi, siku ya Ijumaa. Itakayochelewa haitafunguliwa. (8) Bahasha zitafunguliwa hadharani siku hiyo hiyo saa nne na nusu, na kila jina litasomwa kwa sauti. Majina matatu yatakayoteuliwa yatabandikwa siku kumi na nne kusubiri pingamizi, kisha baraza la madiwani litapiga kura. Hakuna zawadi."

Ijumaa yenyewe ndiyo kesho. Na Chaki alikuwa amepungukiwa mwezi mmoja.

Mwezi mmoja, ndugu zangu! Kwa sababu ya mwezi mmoja, jina la pekee la binadamu ambalo lingebaki sandukuni, kwa habari za mtaani, lilikuwa la marehemu baba yake diwani wa kata yetu. Huyo mzee wanaomkumbuka wanasema sokoni alifika mara moja, kununua viatu, akavirudisha.

Ilhali mama yake Chaki aliishi kwenye soko la zamani miaka thelathini na moja, kizimba namba kumi na nne, akiuza mchele na maharage. Watu walisahau jina lake la kuzaliwa. Walimwita Bi Mizani, kwa sababu mizani yake aliiweka juu ya kigoda nje ya kizimba, imegeuziwa wapita njia. Ukihisi umepunjwa popote sokoni, ulileta kifurushi chako, akakipima bure, akakwambia ukweli. Wafanyabiashara walimchukia miaka miwili ya kwanza. Baadaye wakawa wanawatuma wateja wenyewe: "Kama huniamini, kapime kwa Bi Mizani."

Halmashauri ilipolibomoa soko, iliahidi jipya baada ya miezi kumi na minane. Bi Mizani aliibeba mizani yake kichwani hadi nyumbani, akaiweka chini ya kitanda, na hakurudi tena kuuza kitu. Alikufa mwaka huo huo. Soko la miezi kumi na minane likachukua zaidi ya miaka mitano, na hakuna aliyewaomba radhi.

"Hicho cheti ulikitoa wapi?" karani akauliza.

"Kwa kaka. Wifi alinipa kutoka sandukuni. Kaka ndiye aliyekwenda kuandikisha."

"Na wewe hukusoma tarehe?"

"Nisome ya nini? Siku aliyokufa mama yangu nisome kwenye karatasi?"

Karani alikuwa amekaa dirishani pale miaka mingi, na makosa ya karatasi aliyajua kama daktari anavyojua homa. Kwa sauti ya chini akasema, "Soma tena namba tano. Cheti, au uthibitisho mwingine wa tarehe ya kifo au maziko. Mama mlimzika wapi?"

"Makaburi ya mji."

"Makaburi ya mji ni ya nani?"

Chaki akatumbua macho. "Ya halmashauri."

"Basi halmashauri ina daftari lake. Msimamizi wa makaburi anafunga ofisi saa tisa na nusu. Usitembee, kimbia." Kisha akamshika mkono kabla hajaondoka. "Lakini nikwambie kitu. Kipengele cha sita. Umeandika mama alikuwa na kizimba namba kumi na nne, kwa hiyo kamati italifungua faili la kizimba hicho. Kama tarehe zimechezewa, huwa hazichezewi bure. Jiulize kaka yako alizichezea kwa nini."

Chaki hakujiuliza. Alitoka mbio.

* * *

Ofisi ya makaburi ilikuwa chumba kimoja chenye jembe mlangoni na makabati ya chuma yaliyoota kutu. Msimamizi, mama mtu mzima mwenye miwani mizito, alikuwa anafunga kibeti chake.

"Kesho, mwanangu."

"Kesho mama yangu atakuwa amekufa mara ya pili," Chaki akasema, na machozi ambayo hakuyatuma yakamtoka.

Msimamizi akakifungua kibeti, akatoa funguo. Daftari la mwaka ule lilikuwa la tatu kutoka chini. Alilamba kidole, akafunua, akafunua tena, akaweka rula.

"Huyu hapa. Kaburi namba mia sita na tatu, safu ya nane. Tarehe hii hapa, namba ya kibali cha maziko hii hapa. Miaka mitano na miezi miwili. Nakumbuka, mvua ilinyesha mkaazima turubai letu."

Chaki alitaka kulibusu lile daftari. Kisha macho yake yakashuka kwenye safu ya mwisho, pale palipoandikwa *Aliyeleta kibali*, na furaha yote ikakatika kama uzi mbovu. Palikuwa na saini ya kaka yake, ile yenye mkia mrefu.

Kaka alisaini siku ya maziko. Halafu, miezi mitatu baadaye, yeye huyo huyo alikwenda kwa msajili wa vifo akiwa na barua ya mtaa, akaapa mama amefia nyumbani juzi juzi tu. Mtu anaweza kusahau siku mbili. Hakuna anayesahau miezi mitatu ya mama yake.

"Nikuandikie nakala?" msimamizi aliuliza.

"Andika, mama. Na mhuri."

* * *

Ijumaa saa moja asubuhi, kaka alikuwa wa kwanza kufika barazani pa Chaki, kabla hata cherehani haijavuliwa kitambaa. Kaka huyu anatengeneza baiskeli kando ya barabara na kuuza vipuri juu ya gunia, na kwa miaka mitano wimbo wake ni mmoja tu: siku nikikabidhiwa kizimba, mtanitambua. Siku yenyewe ni Jumatatu hii inayokuja.

"Wifi yako ameniambia umechukua cheti."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umechukua cheti cha nini?"

Chaki akaiweka nakala ya makaburi juu ya meza ya kukatia. Kaka aliisoma, akaketi kwenye benchi la wateja taratibu, kama mtu aliyetonesha jipu.

"Mdogo wangu, hebu nisikilize kwanza."

"Nasikiliza."

"Leseni ya kizimba hairithiwi. Hujui? Mwenye kizimba akifa, kinarudi halmashauri. Sisi tumemzika mama, baada ya mwezi na kitu wanatangaza uhakiki: wenye vizimba wote wa soko la zamani waje, ndio watakaopewa vipya. Miaka thelathini na moja ya mama ilikuwa inakwenda na maji! Mwenye kizimba akiwa hai anaweza kumhamishia mwanawe, akiwa amekufa hawezi. Ningefanyaje?"

"Ukamfufua."

"Nikajaza fomu ya uhamisho. Mtu fulani akanisaidia pale juu, usiniulize nani. Halafu ikabidi kifo kije baada ya uhamisho. Ndiyo maana ya ile tarehe."

"Fomu ya uhamisho inataka saini ya mama," Chaki akasema. "Mama alikuwa hajui kuandika. Alikuwa anaweka dole gumba. Dole ulilitoa wapi, kaka?"

Kaka alitazama barabarani. Akatazama cherehani. Mwishowe akatazama mkono wa kulia wa dada yake, na Chaki akafuata macho yale mpaka kwenye dole gumba lake mwenyewe. Pale katikati pana kovu. Sindano ya cherehani ilimpitia mwaka aliojifunza kazi, ikatokea upande wa pili.

"Siku ya tatu ya msiba," kaka akanong'ona. "Ulikuwa umelala mkekani, umevimba macho. Nilikuletea karatasi na kidau cha wino. Nikakwambia ni ya makaburi."

Chaki aliikumbuka. Mungu wangu, aliikumbuka! Alisema hana nguvu ya kushika kalamu, na kaka akamjibu kwa huruma, dole linatosha, mdogo wangu, usijisumbue. Ilikuwa fomu ya uhamisho isiyojazwa, naye hakuisoma. Kaka aliitunza akihofia kunyang'anywa kizimba, na uhakiki ulipotangazwa ikapata kazi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeghushi."

"Hakuna aliyeghushi mpaka mtu afungue faili! Na hakuna atakayefungua, ukinisikiliza." Kaka akatoa bahasha kwenye koti lake, akaifungua haraka haraka. "Ona. Nimekujazia fomu mpya. Saini ishirini na tano nimezikusanya jana hiyo hiyo. Jina ni *Soko la Mizani*. Umeona? Mizani ni kitu, sio mtu. Haitaki cheti cha kifo, haitaki ridhaa, haitaki faili la kizimba. Kila mtu mjini atajua ni mama. Unaweka saini yako hapa tu, na Jumatatu mimi napata kizimba, wewe unapata nafasi yako kwenye ukumbi wa mafundi. Nani ameumia?"

Nisiwafiche. Chaki aliishika kalamu. Na wewe ungeishika. Jina lake lilikuwa namba tisa kwenye orodha ya mafundi cherehani watakaopewa nafasi soko jipya, baada ya miaka mitano ya kufukuzwa baraza hili na lile kila mvua inaponyesha. Soko la Mizani. Halikuwa jina baya.

Akasoma sababu. Kaka alikuwa ameandika kwamba mizani ni alama ya haki, uwazi na maendeleo ya wafanyabiashara. Alisoma mpaka chini, akarudia juu. Hapakuwa na kigoda, wala mchele, wala mwanamke.

"Mama yuko wapi humu?"

"Mama hawezi kuwemo, ndiyo maana yake!"

"Miaka ishirini ijayo mtoto akiuliza hiyo mizani ni ya nani, atajibiwaje?"

"Atajibiwa ni mizani tu! Wewe unashindana na nini? Mama ameshakufa, Chaki. Hajui. Halijui hilo soko, wala halijui jina lake. Sisi tuliobaki ndio tunaokula."

Chaki alirudisha kalamu mezani. Alikuwa hajawahi kumchukia kaka yake, hata utotoni alipomkatia mdoli nywele. Asubuhi ile alimchukia, na akamhurumia kwa wakati huo huo, na hakujua kipi kilimuuma zaidi.

"Mama alikuwa anakwambia kilo yako imepungua hata kama muuzaji ni shemeji yake," alisema. "Na mimi kesho nipite chini ya jina lake nikijua tumempunja?"

"Dole ni lako! Utafungwa!"

"Nitafungwa."

Kaka akabadilika. Alimshika mabega, macho yamemjaa maji. "Basi nenda. Lakini likitokea lolote, mimi sitakutaja. Nakuapia kwa kaburi la mama, mdogo wangu, nitasema sijui lile dole ni la nani. Mimi ni kaka yako."

Mlisikie hilo neno, mliweke.

* * *

Saa nne kasoro dakika nane, Chaki alifika masjala anahema. Karani aliitazama bahasha mbele na nyuma: imefungwa, haina jina la mtumaji, imeandikwa *Pendekezo la Jina la Soko*. Akaigonga mhuri wa IMEPOKELEWA, akaandika saa na namba thelathini na moja, akamkatia stakabadhi. Kisha akakaa ameishika.

"Umeshajiuliza lile swali?"

"Nimejibiwa, baba. Tumbukiza."

Bahasha ikaanguka sandukuni. Saa nne kamili karani alifunga tundu kwa lakiri, na kijana wa watu aliyefika dakika mbili baadaye na bahasha ya dhahabu akarudishwa nayo, akashuka ngazi akitukana.

Saa nne na nusu ukumbi wa halmashauri ulikuwa umejaa. Wachuuzi wa soko la zamani walikaa nyuma. Kaka alikaa safu ya tatu, koti limefungwa vifungo vyote. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu ambaye nusu ya mji ilishachapwa naye, alianza kwa utaratibu.

"Mjumbe yeyote mwenye maslahi na jina lililomo aseme sasa na atoke mezani."

Diwani akasimama, akatangaza kwamba pendekezo moja linamhusu marehemu mzazi wake, akatoka mezani kwa madaha. Akaketi safu ya mbele, hatua tatu kutoka kwenye meza aliyoiacha, akakunja nne.

Bahasha zikaanza. Moja ilikataliwa kwa kuandikwa jina la mtumaji kwa nje. Nyingine jina lilikuwa na maneno saba. Nyingine ilipendekeza jina la mtu aliye hai, na mtu huyo alikuwa mpendekezaji mwenyewe. Watu wakacheka mpaka mwalimu akagonga meza. Namba kumi na mbili ilikuwa ya baba yake diwani: cheti kamili, saini mia mbili, hakuna doa. Diwani akatazama kucha zake.

Kisha thelathini na moja.

Mwanasheria wa halmashauri, kijana mwembamba ambaye ndiye katibu wa kamati, alipanga karatasi mezani moja moja. "Fomu, sawa. Saini ishirini na saba, sawa. Ridhaa ya mtoto, sawa. Cheti cha kifo..." Akasita. "Mama mwenyekiti, hapa pana tarehe mbili na marehemu mmoja."

"Ya pili imetoka wapi?"

"Daftari letu la makaburi. Lina mhuri wetu."

"Basi hatuwezi kulikana daftari letu," mwalimu akasema. "Mtu hazikwi kabla ya kufa. Miaka mitano imetimia. Hakiki kizimba."

Karani akaleta faili namba kumi na nne. Hakumtazama Chaki alipopita. Mwanasheria akalifungua, akasoma, akarudia kusoma, na uso wake ukabadilika rangi.

"Marehemu alikuwa mwenye kizimba miaka thelathini na moja, ni kweli. Lakini humu pana fomu ya uhamisho kwenda kwa mwanawe. Ina tarehe ya wiki saba baada ya maziko."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake.

"Amehamisha akiwa wapi?" mwalimu akauliza.

"Ameweka dole gumba, mama. Na dole lenyewe lina kovu katikati, wino haukushika pale." Mwanasheria akainua kichwa. "Aliyehamishiwa kizimba yupo ukumbini?"

Kaka akasimama. Chaki alimtazama, na kwa dakika ile, wallahi, alimwombea. Alimwombea asimame imara aseme lile alilomwapia.

"Dole hili ni la nani, bwana?"

Kaka alimtazama diwani, na diwani akakwepesha macho. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe, kidole kikanyooka, na kikanyooka kwa Chaki.

"La huyo. Dada yangu. Mtazameni mkono wake. Mimi niliipokea fomu ikiwa tayari ina dole, sikujua chochote."

Ukumbi mzima ukageuka. Hamsini na kitu asubuhi hiyo walikuwa wamevaa nguo alizoshona Chaki, na wote walimtazama kama mwizi wa kanga.

Alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, kwa jela alijiandaa, kwa aibu alijiandaa. Kwa kile kidole hakuwa amejiandaa. Kiliingia ndani zaidi kuliko sindano iliyompitia zamani, na hakikutokea upande wa pili.

Akainua dole lake juu, kila mtu alione.

"Ni langu," akasema. "Niliwekeshwa nikiwa msibani, siku ya tatu, kwenye fomu isiyojazwa. Nitaeleza yote, na mtakaloamua mtaamua. Lakini mama mwenyekiti, bahasha yangu imefunguliwa na jina halijasomwa. Barua yenu inasema kila jina litasomwa kwa sauti. Lisome kwanza, ndipo mnishike."

Mwalimu mstaafu akavaa miwani yake, akaichukua fomu kwa mikono miwili.

"Pendekezo namba thelathini na moja," akasoma, na sauti yake ilikuwa ile ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa. "*Soko la Bi Mizani*. Sababu: Alipima mzigo wa kila mtu bure kwa miaka thelathini na moja, akasema ukweli, hata ulipomharibia biashara. Hakuna aliyeondoka kwake akiwa amepunjwa."

Kule nyuma mchuuzi mmoja wa ndizi, mama mwenye mgongo uliopinda, akasimama. Akasimama wa pili. Hawakupiga makofi wala vigelegele, walisimama tu, mmoja mmoja, mpaka safu tatu za nyuma zikawa hazina aliyeketi. Chaki ndipo alipolia.

"Mama mwenyekiti." Ilikuwa sauti ya mwanasheria. Alikuwa ameigeuza ile fomu ya uhamisho, anatazama upande wa nyuma. "Dole gumba halipokelewi bila shahidi. Lazima diwani wa kata athibitishe kwamba mwenye kizimba alifika mbele yake mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili timamu."

"Na alithibitisha?"

"Alithibitisha. Kwa saini na mhuri. Wiki saba baada ya maziko."

Hakuna aliyehitaji kusomewa jina. Katika safu ya mbele, kiti kililia sakafuni. Diwani alikuwa amesimama, anatafuta mlango kwa macho, na kati yake na mlango alikuwa amesimama Chaki.

"Kaa chini, mheshimiwa," Chaki akamwambia, dole lingali juu. "Hata mimi sijaondoka."